Skani ya mkopo imerudishwa "haisomeki": tafuta kosa liko wapi

Mwongozo huu ni wa mwanachama wa SACCOS anayeomba mkopo kwa kutuma karatasi zake kwa simu, kisha anajibiwa "haisomeki, tuma tena" bila kuambiwa kimeharibika nini. Mimi ndiye ninayepokea hayo mafaili, kwa hiyo ninayajua yanavyofika.

Kabla ya kupiga upya, fanya kitu kimoja. Fungua PDF yako mwenyewe kwenye simu yako, vuta ukurasa kwa vidole viwili, usome herufi ndogo kabisa. Kama ni mbaya hapo hapo kwako, kosa liko mezani ulipopigia au kwenye programu uliyotumia. Kama kwako inasomeka vizuri na kwetu imefika na ukungu, kosa limetokea njiani, yaani namna ulivyoituma. Watu wengi hurudia kupiga picha mara nne tano wakati tatizo lao lilikuwa kitufe kimoja cha WhatsApp.

Mfano nitakaoutumia ni fungu la kawaida la mkopo: fomu ya maombi kurasa 4, fomu za wadhamini 2, barua ya mtendaji wa kijiji 1, kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, na stakabadhi ya mauzo ya kahawa 1. Jumla kurasa 10, faili moja.

Zimefika picha kumi, hakuna PDF

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi ya zote. Mwanachama ameweka karatasi mezani, amefungua kamera ya kawaida, amepiga, kisha amezichagua zote kwenye galari na kuzituma. Kwetu zinafika picha zisizo na mpangilio, fomu ya mdhamini wa pili ikiwa juu na ukurasa wa kwanza wa maombi ukiwa katikati. Mbili zimelala ubavu. Nyuma ya kila karatasi kuna meza, na kwenye moja kuna kidole gumba cha mpigaji.

Kamera ya kawaida haijui kuwa ile ni karatasi. Unahitaji sehemu ya kuskani, na simu nyingi tayari zinayo bila kupakua kitu. Kwenye Android fungua Google Drive, bonyeza alama ya kamera iliyo karibu na alama ya `+`. Kwenye baadhi ya simu unabonyeza `+` kwanza, halafu `Scan`. Kwenye iPhone fungua `Files`, bonyeza nukta tatu, chagua `Scan Documents`. Zote mbili zinatafuta kingo za karatasi, zinakata meza, zinanyoosha ukurasa na kuunganisha kurasa zote kuwa PDF moja.

Jambo la kushika hapa ni kwamba usihifadhi baada ya ukurasa wa kwanza. Ukishapiga ukurasa wa 1, endelea kuongeza wa 2, wa 3, mpaka wa 10, ndipo uhifadhi. Anayehifadhi kila mara anaishia na PDF kumi zenye ukurasa mmoja mmoja, na hapo hatujasogea mbele. Kama kurasa zimepishana, kwenye Drive shika kijipicha cha ukurasa kabla ya kuhifadhi, ukiburute hadi mahali pake.

Kama tayari unazo PDF kadhaa, kwa kurasa kumi ni haraka zaidi kuskani upya kuliko kuhangaika kuziunganisha. Ila mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuziunganisha kwa mstari mmoja, jina la mwisho likiwa la faili jipya:

```
pdfunite fomu.pdf wadhamini.pdf barua.pdf kitambulisho.pdf stakabadhi.pdf mkopo_0147.pdf
```

Usisahau hilo jina la mwisho. Ukiliacha, programu italichukua faili lako la mwisho kuwa ndilo jipya na kuliandika juu yake, na stakabadhi yako itakuwa imekwenda. Tovuti za bure za kuunganisha PDF mimi sizipendi kwa karatasi za namna hii. Fungu hili lina namba ya kitambulisho chako, na za wadhamini wako ambao hawakukuruhusu kuzipandisha kwenye kompyuta ya mtu msiyemjua.

Muhuri haupo

Hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu mwanachama ameshika karatasi mkononi na muhuri anauona. "Katibu, muhuri si huu hapa jamani?" Na mimi nina PDF mbele yangu ambayo mahali pa muhuri ni peupe kabisa, au pana vipande viwili vya mduara na nusu ya herufi.

Chanzo ni kichujio. Programu ya skani ikishanyoosha ukurasa inakupa chaguo la rangi: rangi kamili, kijivu, au nyeusi na nyeupe. Ukichagua nyeusi na nyeupe, kila kitone cha picha kinalazimishwa kuwa upande mmoja: cheusi tii au cheupe pe. Hakuna cha katikati. Wino wa printa unabaki mweusi, maandishi ya kalamu ya bluu yanabaki pia, lakini wino wa muhuri wa zambarau uliokaribia kuisha kwenye pedi unaangukia upande wa weupe na kufutika. Maandishi ya penseli nayo hufutika hivyo hivyo. Dole gumba hufanya kinyume: ile michirizi midogo inaungana na kuwa doa moja jeusi, na dole lisilo na michirizi halimtambulishi mtu.

Dawa ni kupiga kurasa zenye muhuri, sahihi au dole kwa rangi. Kwenye Drive, baada ya kupiga, bonyeza `Filter` uangalie chaguo zote kabla ya kukubali. Kwenye iPhone ni `Color`, si `Black & White`. Zipo programu zinazochagua zenyewe zikikuonyesha ukurasa mweupe wa kupendeza, na ule weupe ndio unaopaswa kukutia wasiwasi: karatasi imeng'arishwa, na muhuri hafifu umeng'arishwa pamoja nayo. Hapo rudi kwenye chaguo lisilo na kichujio, `None`. Ukurasa utaonekana wa kijivu kidogo, kama karatasi ilivyo kweli. Sisi hatuna shida na ukijivu, tuna shida na barua ya mtendaji isiyo na muhuri.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Weka karatasi halisi pembeni ya simu, vuta picha mpaka muhuri ujaze kioo, kisha soma kwa sauti yale maneno yanayozunguka duara. Ukiweza kusoma jina la kijiji na kata kwenye karatasi lakini huwezi kwenye simu, usitume. Ukiwa huwezi hata kwenye karatasi, skani haiwezi kukusaidia. Rudi kwa mtendaji agonge tena, pedi ikiwa na wino.

Nyongeza kuhusu kitufe cha `Clean` kilicho kwenye Drive, kile cha kufuta madoa na vivuli. Kwa shairi la mtoto wako sawa. Kwa karatasi ya fedha kiache. Mkaguzi akikuta stakabadhi yenye sehemu iliyopakwa weupe kando ya kiasi, hatajali kama ulikuwa unafuta doa la chai.

Nusu ya ukurasa ina giza

Kivuli hicho ni chako wewe. Taa iko darini, wewe umeinama juu ya karatasi, simu na kichwa vimekaa kati ya taa na meza. Kuongeza mwanga wa taa hiyo hiyo hakusaidii, kivuli kinazidi kuwa kikali.

Hamia dirishani mchana, jua lisipige moja kwa moja kwenye karatasi, na mwanga uje kutoka ubavuni. Kama kivuli cha mkono bado kinaingia, geuka ili dirisha liwe upande wa mkono usioshika simu. Usiku, tumia taa mbili za pembeni kuliko moja ya juu. Flashi izime: inaacha doa jeupe katikati, hasa kwenye karatasi yenye ung'avu, na doa hilo huwa linaangukia mahali penye namba.

Na kabla ya kulaumu taa, futa lensi. Simu iliyokaa mfukoni au iliyoshikwa na mikono yenye mafuta hutoa picha yenye ukungu juu ya kurasa zote kwa usawa. Ukungu wa lensi unautambua hivyo, kwamba uko kila ukurasa. Mkono uliotikisika huharibu ukurasa mmoja au miwili tu.

Kingo zimekatwa, au maandishi ya juu yamefifia

Programu hutafuta karatasi kwa kutofautisha rangi yake na ya kilichoko chini. Karatasi nyeupe juu ya vigae vyeupe au meza ya plastiki nyeupe haionekani inaishia wapi, ndiyo maana inakata sentimita mbili za chini zenye sahihi. Khanga nayo haifai, maua na pindo zinaichanganya ikadhani kila mstari ni ukingo. Weka karatasi juu ya meza ya mbao au kitu chochote bapa chenye rangi moja nzito. Kama ni kitambaa, tanguliza kartoni chini yake, la sivyo karatasi itapinda.

Programu ikikosea ukingo, usiikubalie. Bonyeza `Crop & rotate` uvute zile pembe nne kwa kidole mpaka zikae kwenye pembe za karatasi. Inachukua sekunde chache kwa ukurasa. Ukiona simu inapiga yenyewe kabla hujawa tayari, zima `Auto capture` upige kwa `Manual`.

Kufifia kwa maandishi ya juu ni jambo lingine. Umekaa kitini, simu imeinama, kwa hiyo sehemu ya juu ya karatasi iko mbali na kamera kuliko ya chini. Programu inanyoosha ukurasa ukaonekana mstatili safi, lakini maandishi yaliyokuwa mbali yalikuwa madogo kwenye picha, na kuyavuta yawe makubwa hakuongezi kilichokosekana. Simama. Simu iwe sambamba na meza, juu ya katikati ya karatasi, na ukurasa ujaze karibu kioo chote. Kamera ya megapikseli 12 inatosha sana kwa karatasi ya A4, ambayo ina milimita 210 kwa 297. Kwa ubora wa 300 dpi wanaotumia wachapaji, ukurasa huo unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, ambazo hazifiki milioni 9. Kwa hiyo simu yako si tatizo kama wengi wanavyodhani.

Fomu zilizopigwa stepla zitoe pini zilale bapa. Isipokuwa pale muhuri ulipogongwa ukivuka karatasi mbili. Hapo pini usiiguse, kunja ukurasa wa juu nyuma upige wa chini ulivyo.

Kitambulisho na stakabadhi

Hivi viwili vina tabia zao. Kitambulisho cha taifa kinang'aa, na mng'ao huo ni taa au dirisha linaloonekana ndani yake. Usiinamishe simu, sogeza kitambulisho mpaka doa la mwanga litoke juu yake. Kiweke juu ya karatasi nyeusi au meza nzito, piga mbele, kisha nyuma, kila upande ukurasa wake. Halafu hesabu tarakimu za namba ya NIDA kwenye picha: ni 20. Ukipata 19 au kuna moja unayoikisia kama ni 3 au 8, piga tena. Tarakimu moja tu ikikosewa, fomu yako inarudi.

Stakabadhi ya mauzo ni nakala ya kaboni, karatasi nyembamba, na mara nyingi maandishi ya upande wa pili au ya karatasi iliyo chini yanapenya yakachanganyika na kilo na bei. Hapa watu huongeza mwanga, nao unapenyeza zaidi. Weka karatasi nyeusi, au kava jeusi la daftari, moja kwa moja chini ya stakabadhi hiyo. Maandishi ya nyuma yatamezwa na weusi. Ukurasa utakuwa na rangi nzito kidogo kwa ujumla, lakini tarakimu zitasimama. Kichujio tumia kijivu au rangi, kwa sababu kaboni hafifu ina hatari ile ile ya muhuri.

Risiti za mashine za EFD zinachapwa kwa joto na hazina wino, kwa hiyo hufifia zikikaa juani, kwenye gari, au ndani ya mfuko wa plastiki. Skani siku unayopewa. Ikishafifia hakuna kichujio kitakachorudisha kisichokuwepo.

Kwangu safi, kwao ukungu

Tumefika njiani. Ukituma kitu kwenye WhatsApp kama picha, WhatsApp inakibana ili kiende haraka na kula bando kidogo, na kinachopotea kwanza ni herufi ndogo. Bonyeza alama ya pini ya karatasi, chagua `Document`, si `Gallery`. Faili linalokwenda kama `Document` linafika kama lilivyotoka. Njia ya kujua umepatia: kwenye mazungumzo utaona jina la faili na neno PDF. Ukiona picha kubwa ya ukurasa isiyo na jina, umetuma picha.

Wengine hupiga picha ya kioo cha simu wakiwa wamefungua PDF, kisha wanatuma hiyo. Sijui ushauri huo ulianzia kwa nani. Acha.

Wanajibu hawawezi kufungua

Ofisi ikikuambia inaona maneno `You need access`, hukutuma faili, umetuma kiungo cha kwenye Drive yako, na Drive inalinda faili lako kama inavyotakiwa. Usiharakishe kufungua kiungo kwa kila mtu, maana atakayekipata kokote ataona kitambulisho chako. Kwenye Drive bonyeza nukta tatu za faili, chagua `Send a copy`, halafu WhatsApp au barua pepe. Hapo linakwenda faili lenyewe.

Faili ni kubwa mno

Gmail inakubali viambatisho hadi MB 25, na zaidi ya hapo inageuza kuwa kiungo cha Drive, ukarudi kwenye tatizo la juu. Ofisi nyingine zina kikomo cha chini zaidi. Picha ya kawaida ya megapikseli 12 inaweza kufika MB 3 au 4, kwa hiyo aliyechukua picha kumi za galari na kuzigeuza PDF anaweza kuvuka hapo kwa urahisi, wakati skani halisi ya kurasa zile zile huwa nyepesi zaidi kwa sababu programu inapunguza picha kabla ya kuihifadhi.

Ukiwa bado juu, usikimbilie nyeusi na nyeupe kwa faili zima. Angalia ni kurasa zipi hazina muhuri wala sahihi. Katika fungu letu ni kurasa 3 za mwanzo za fomu ya maombi, zilizojaa maandishi tu. Hizo ziwe za kijivu. Nyingine 7 ziache na rangi.

Faili limepotea ofisini

Lilipofika lilikuwa na jina linaloanza na `Scanned` na rundo la tarakimu za tarehe na saa, sawa na mengine thelathini ya wiki hiyo. Badilisha jina kabla ya kuhifadhi: aina ya ombi, namba yako ya uanachama, mwaka na mwezi, bila nafasi wala alama za ajabu. Kwa mfano `mkopo_0147_2026-03.pdf`. Jina lako kamili usiliweke, namba inatosha na sisi tunakujua.

Tuma kwa namba ya ofisi au ya katibu, si kwenye grupu la wanachama. Ikitokea imeingia kwenye grupu, tumia `Delete for everyone` mara moja, halafu wajulishe wadhamini wako. Simu za wenzako huenda zilishapakua faili zenyewe, na namba za vitambulisho vya wadhamini zimo humo.

Ukishajibiwa kuwa fungu limepokelewa na kurasa zote 10 zimehesabiwa, bakiza nakala moja kwenye Drive na ufute zile za majaribio, pamoja na picha zilizobaki galari. Karatasi zenyewe usitupe: siku ya kusaini mkataba tutaziomba, tuzilinganishe na skani ukurasa kwa ukurasa.